Nusukipenyo cha spektra hakizidi nomu: mwongozo kamili wa kuthibitisha na kukadiria vipeo vya matriki

Makosa mawili hurudi kila mara kwenye swali la kama vipeo vya matriki, yaani A², A³ na kuendelea, vinakua au vinapungua, na mara nyingi huhusu matriki ileile. Mtu wa kwanza anatafuta thamani aigeni, anaona zote ziko chini ya 1, kisha anaandika kwamba vipeo vya matriki vinapungua tangu hatua ya kwanza. Wa pili anakokotoa nomu, anapata 1.9, kisha anaandika kwamba vipeo vitakua bila mwisho. Wote wawili wamekosea, na chanzo ni kimoja: wanajua kwamba nusukipenyo cha spektra hakizidi nomu, yaani ρ(A) ≤ ‖A‖, lakini hawajui kauli hiyo inaruhusu kusema nini na inakataza kusema nini.

Mwongozo huu unapita njia yote kwa matriki moja ndogo. Tutathibitisha kauli yenyewe, kisha tutaitumia kujibu swali lenye namba: baada ya hatua ngapi za kuzidisha kwa matriki hiyo kosa la awali litakuwa limeshuka chini ya asilimia 1, tena kwa uhakika?

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Matriki ya mraba A. Tutatumia hii tangu mwanzo hadi mwisho:

```
A = [ 0.9  1.0 ]
    [ 0.0  0.9 ]
```

- Maana ya thamani aigeni: namba λ, halisi au changamani, ambayo kuna vekta x isiyo sifuri inayotimiza Ax = λx. Vekta hiyo ndiyo vekta aigeni.
- Maana ya nusukipenyo cha spektra, ρ(A): ukubwa |λ| ulio mkubwa kuliko wote miongoni mwa thamani aigeni za A. Ukizichora kwenye ubapa wa namba changamani, ρ(A) ni nusukipenyo cha duara dogo kabisa lenye kitovu kwenye sifuri linalozifunika zote.
- Nomu moja ya vekta. Tutatumia nomu ya upeo: ‖x‖∞ ni ukubwa wa elementi kubwa kuliko zote katika x.
- Karatasi, na kikokotoo chenye logi asilia. Kompyuta itahitajika mwishoni tu, kwa kuhakiki.

Matriki yetu ina sifuri chini ya ulalo mkuu, kwa hiyo thamani zake aigeni zinasomeka kwenye ulalo: 0.9 na 0.9. Hivyo ρ(A) = 0.9.

## Hatua ya 1: Hakikisha nomu yako ni nomu zalishwa

Nomu zalishwa ni nomu ya matriki inayozaliwa na nomu ya vekta. Unachukua kila vekta x isiyo sifuri, unapima A inairefusha mara ngapi, yaani ‖Ax‖ / ‖x‖, kisha unachukua jibu kubwa kuliko yote. Hilo ndilo ‖A‖.

Ukiisoma maana hii polepole, unapata mara moja kitu ambacho uthibitisho wote utakiegemea:

‖Ax‖ ≤ ‖A‖ · ‖x‖ kwa kila x.

Hakuna vekta inayoweza kurefushwa kupita urefushaji mkubwa kuliko wote. Ukitumia kauli hiyo mara mbili, kwanza kwa B kisha kwa A, unapata pia ‖AB‖ ≤ ‖A‖ · ‖B‖. Weka hii ya pili karibu, kwa sababu bila hiyo hakuna cha kusema kuhusu vipeo.

Tahadhari. Si kila namba inayopima ukubwa wa matriki inafaa. Wengi huchukua elementi kubwa kuliko zote na kuiita nomu ya matriki. Angalia matriki ya mbili kwa mbili iliyojaa 1 tupu. Elementi yake kubwa ni 1, lakini vekta (1, 1) inageuka kuwa (2, 2), kwa hiyo 2 ni thamani aigeni. Nusukipenyo cha spektra ni 2, na kimezidi kile kipimo cha 1. Kauli yetu haikuvunjika hapo. Kipimo hicho hakikuwa nomu zalishwa, na hakiheshimu hata ‖AB‖ ≤ ‖A‖ · ‖B‖: ukizidisha matriki hiyo kwa yenyewe, elementi zote zinakuwa 2, na 2 si ndogo kuliko 1 mara 1.

Kuna jaribio la haraka. Nomu zalishwa yoyote huipa matriki ya utambulisho I thamani ya 1, kwa sababu I hairefushi wala haifupishi chochote. Ukipata kitu kingine, kipimo chako si nomu zalishwa. Lakini kufaulu jaribio hili pekee hakutoshi, maana kile kipimo cha elementi kubwa nacho kinaipa I thamani ya 1. Njia salama ni kutaja nomu ya vekta uliyoanza nayo. Ukishindwa kuitaja, simama hapo kwanza.

## Hatua ya 2: Kokotoa nomu kwa kujumlisha safu

Maana iliyotolewa juu inadai ukague vekta zote, na vekta hazina mwisho. Kwa bahati, nomu inayozaliwa na ‖x‖∞ ina njia ya mkato: jumlisha ukubwa wa elementi za kila safu mlalo, kisha chukua jumla kubwa.

Sababu yake ni fupi. Elementi ya i ya Ax ni jumla ya aᵢⱼxⱼ. Kila |xⱼ| haizidi ‖x‖∞, kwa hiyo jumla hiyo haizidi ‖x‖∞ mara jumla ya |aᵢⱼ| katika safu hiyo. Jibu hili linafikiwa kweli: chukua safu yenye jumla kubwa, uunde x ya 1 na −1 kwa kufuata alama za safu hiyo, na maneno yote yatajumlishana bila kufutana.

Kwa matriki yetu:

- safu ya kwanza: 0.9 + 1.0 = 1.9
- safu ya pili: 0 + 0.9 = 0.9

Kwa hiyo ‖A‖∞ = 1.9. Vekta inayoifikia ni (1, 1), maana A inaipeleka kwenye (1.9, 0.9).

Dalili kwamba umefaulu: una namba mbili, ρ(A) = 0.9 na ‖A‖∞ = 1.9, na ya kwanza haizidi ya pili. Ukipata kinyume chake, kuna kosa la hesabu. Mara nyingi ni alama ya kutoa iliyosahaulika: hujumlishi elementi zenyewe, unajumlisha ukubwa wake.

## Hatua ya 3: Andika uthibitisho

Kauli. Kwa matriki ya mraba A yoyote na nomu zalishwa yoyote, ρ(A) ≤ ‖A‖.

Uthibitisho. Chukua thamani aigeni yoyote λ na vekta yake aigeni x. Kwa kuwa Ax = λx, pande hizi mbili zina nomu sawa:

‖Ax‖ = ‖λx‖ = |λ| · ‖x‖.

Upande mwingine, kutokana na Hatua ya 1,

‖Ax‖ ≤ ‖A‖ · ‖x‖.

Ziunganishe: |λ| · ‖x‖ ≤ ‖A‖ · ‖x‖. Vekta aigeni si sifuri, kwa hiyo ‖x‖ ni chanya na tunaweza kugawanya pande zote kwa ‖x‖. Inabaki |λ| ≤ ‖A‖. Hatukuchagua λ fulani, kwa hiyo kauli ni kweli kwa zote, hata ile yenye ukubwa wa ρ(A). Umemaliza.

Mistari ni michache, lakini maksi hupotea sehemu mbili.

Ya kwanza ni kugawanya kwa ‖x‖ bila kusema kwamba x si sifuri. Sentensi moja inatosha, lakini lazima iwepo. Vekta sifuri inatimiza Ax = λx kwa λ yoyote ile, na kama ingeruhusiwa, uthibitisho "ungeonyesha" kwamba kila namba duniani haizidi ‖A‖.

Ya pili ni nzito zaidi, na inastahili sehemu yake.

### Matriki halisi yenye thamani aigeni changamani

Chukua matriki inayozungusha ubapa kwa nyuzi 90:

```
R = [ 0  -1 ]
    [ 1   0 ]
```

Thamani zake aigeni ni i na −i, na vekta zake aigeni zina elementi changamani. Hakuna vekta halisi isiyo sifuri ambayo R inaiacha kwenye mstari wake. Sasa, kama nomu yako ilikokotolewa kwa kukagua vekta halisi peke yake, huna ruhusa ya kuingiza x changamani katika ‖Ax‖ ≤ ‖A‖ · ‖x‖. Vekta hiyo haikuwamo kwenye ukaguzi.

Kwa nomu ya jumla za safu tatizo linajifuta lenyewe. Hoja ya Hatua ya 2 inatumia ukubwa wa namba tu, na ukubwa unafanya kazi vilevile kwa namba changamani. Kwa R, jumla ya kila safu ni 1, na ρ(R) = 1. Kauli inatimia kwa usawa kamili.

Ukipewa nomu halisi usiyoijua, kuna njia ya kuzunguka ninayoipenda sana, kwa sababu inatumia vipeo vyenyewe kuokoa uthibitisho. Katika nafasi yenye vipimo vyenye kikomo, nomu zote zinalingana hadi kizidisho: kuna namba C isiyotegemea matriki, ambayo ‖M‖∞ ≤ C‖M‖ kwa kila M. Ikiwa Ax = λx, basi Aᵏx = λᵏx, kwa hiyo λᵏ ni thamani aigeni ya Aᵏ. Kwa nomu ya safu, ambayo tayari tunaiamini,

|λ|ᵏ ≤ ‖Aᵏ‖∞ ≤ C‖Aᵏ‖ ≤ C‖A‖ᵏ.

Chukua kipeuo cha k pande zote: |λ| ≤ C^(1/k) · ‖A‖. Kushoto hakuna k, ila kulia ipo. Acha k ikue bila mwisho, C^(1/k) itakaribia 1, na inabaki |λ| ≤ ‖A‖. Kizidisho C, hata kingekuwa milioni, kimemezwa.

## Hatua ya 4: Weka sakafu na dari za vipeo

Sasa tupate swali halisi. Tuseme unatatua tatizo kwa kurudiarudia, x mpya = A · (x ya zamani) + b, na kosa lako mwanzoni ni vekta e. Baada ya hatua k, kosa ni Aᵏe. Kosa haliwezi kuzidi ‖Aᵏ‖ mara ukubwa wake wa awali, na kuna vekta inayofikia kiwango hicho. Kwa hiyo ‖Aᵏ‖ ndiyo namba ya kufuatilia.

Kauli yetu inatoa mipaka miwili. Nitaita mpaka wa chini sakafu na wa juu dari.

Sakafu. Kwa kuwa λᵏ ni thamani aigeni ya Aᵏ, itumie kauli kwa Aᵏ badala ya A: ρ(A)ᵏ ≤ ‖Aᵏ‖. Kwetu, 0.9ᵏ ≤ ‖Aᵏ‖∞.

Dari ya kwanza. Kwa kutumia ‖AB‖ ≤ ‖A‖ · ‖B‖ mara kwa mara, ‖Aᵏ‖ ≤ ‖A‖ᵏ. Kwetu, ‖Aᵏ‖∞ ≤ 1.9ᵏ.

Kama ‖A‖ ingekuwa chini ya 1, kazi ingeishia hapa: dari ingeshuka hadi sifuri na kuvuta vipeo pamoja nayo. Lakini 1.9ᵏ inapanda, na dari inayopanda haisemi kwamba kilicho chini yake kinapanda. Hapo ndipo mtu wa pili alipokosea.

Mtu wa kwanza alikosea kwa kugeuza sakafu kuwa dari. Aliandika ‖Aᵏ‖ ≤ 0.9ᵏ, wakati ishara inaelekea upande mwingine. Tazama vipeo vyenyewe. Ukizidisha mara chache utaona mtindo: ulalo una 0.9ᵏ, na kona ya juu kulia ina k · 0.9^(k−1). Jumla ya safu ya kwanza ndiyo nomu:

‖Aᵏ‖∞ = 0.9ᵏ + k · 0.9^(k−1).

Kwa k = 1 ni 1.9. Kwa k = 2 ni 2.61. Kwa k = 5 ni 3.87. Inafika kileleni k ikiwa 9, kwa 4.26, kisha inaanza kuteremka: 2.82 kwa k = 20, na 0.29 kwa k = 50.

Tafakari maana yake kwa mtu aliye kazini. Kosa lake linaweza kukua zaidi ya mara nne ndani ya hatua tisa za mwanzo, ingawa thamani aigeni zote ni 0.9. Akikata tamaa hatua ya tisa na kusema njia imeshindwa, ameiacha palepale inapoanza kurudi.

Tahadhari. Usijaribu tabia hii kwa vekta moja ya kuanzia. Kosa la (1, 0) linapungua tangu hatua ya kwanza, maana hiyo ni vekta aigeni na A inaizidisha kwa 0.9 tu. Kosa la (1, 1) ndilo linalopanda hadi 4.26. Aliyejaribu la kwanza na aliyejaribu la pili watabishana, kumbe matriki ni moja.

## Hatua ya 5: Tengeneza nomu inayokaribia ρ

Nomu ya safu imetupa dari isiyofaa. Lakini kauli inasema nomu zalishwa *yoyote*, na wewe ndiye unayechagua. Tafuta basi nomu ambayo thamani yake iko chini ya 1.

Kinachotuharibia hesabu ni ile 1.0 iliyo konani. Tuibane kwa kubadili kipimo cha elementi ya pili ya vekta. Chagua namba ndogo chanya δ, uweke

```
D = [ 1  0 ]
    [ 0  δ ]
```

na ufafanue nomu mpya ya vekta: ‖x‖_D = ‖D⁻¹x‖∞. Kwa x = (p, q), hiyo ni kubwa kati ya |p| na |q|/δ. Ni nomu halali kabisa. Inachofanya ni kuihesabu elementi ya pili kuwa ghali zaidi.

Nomu ya matriki inayozaliwa nayo ni ‖A‖_D = ‖D⁻¹AD‖∞. Ukitaka kuamini, weka x = Dy katika maana ya Hatua ya 1, na kila ‖Ax‖_D / ‖x‖_D inageuka kuwa ‖D⁻¹ADy‖∞ / ‖y‖∞. Sasa zidisha:

```
D⁻¹AD = [ 0.9   δ  ]
        [ 0    0.9 ]
```

Kona imekuwa δ. Jumla kubwa ya safu ni 0.9 + δ, kwa hiyo ‖A‖_D = 0.9 + δ. Kwa δ yoyote chini ya 0.1 tuko chini ya 1. Unaona pia kwamba unaweza kuisogelea 0.9 kadiri upendavyo, lakini kushuka chini yake kauli ya Hatua ya 3 inakukataza, hata ubuni nomu ya namna gani.

Rudi kwenye nomu ya kawaida. Hatua hii husahaulika, na ndiyo inayoleta majibu ya uongo. Dari ya (0.9 + δ)ᵏ ni ya nomu mpya, si ya ‖ ‖∞ ambayo swali liliuliza. Andika

Aᵏ = D · (D⁻¹AD)ᵏ · D⁻¹,

chukua nomu ya safu pande zote, na kumbuka kwamba ‖D‖∞ = 1 ilhali ‖D⁻¹‖∞ = 1/δ:

‖Aᵏ‖∞ ≤ (1/δ) · (0.9 + δ)ᵏ.

Ile 1/δ mbele ni bei ya kubadili kipimo. Ukiiacha, kwa δ = 0.05 ungepata dari ya 0.95 pale k = 1, wakati tunajua nomu halisi ni 1.9. Dari iliyo chini ya kitu inachokifunika ni ushahidi tosha kwamba bei hiyo imesahaulika.

## Hatua ya 6: Chagua δ na ujibu swali

Tunataka ‖Aᵏ‖∞ ≤ 0.01, yaani kosa lolote la awali liwe limeshuka hadi asilimia 1 au chini yake. Inatosha kuhakikisha kwamba dari imefika hapo.

Kwa δ = 0.05, dari ni 20 · 0.95ᵏ. Tunahitaji 0.95ᵏ ≤ 0.0005, yaani k ≥ ln 2000 / −ln 0.95 = 7.601 / 0.05129, sawa na 148.2. Jibu: hatua 149.

Kwa δ = 0.01, dari ni 100 · 0.91ᵏ. Tunahitaji 0.91ᵏ ≤ 0.0001, yaani k ≥ 9.210 / 0.09431, sawa na 97.7. Jibu: hatua 98.

Mtu anaweza kufikiri kwamba δ ikipungua zaidi jibu litazidi kuwa zuri. Jaribu δ = 0.001. Dari ni 1000 · 0.901ᵏ, tunahitaji k ≥ 11.513 / 0.10425, na jibu ni 111. Tumerudi nyuma. Kasi imeboreka kidogo sana, kutoka 0.91 hadi 0.901, lakini bei imepanda mara kumi.

Kwa k uliyoilenga, δ nzuri kuliko zote inapatikana kwa kutafuta mahali ambapo (1/δ)(0.9 + δ)ᵏ ni ndogo kabisa. Ukifanya utofautishaji unapata δ = 0.9 / (k − 1). Kwa k karibu na 100, hiyo ni karibu 0.009, ndiyo maana 0.01 ilifanya kazi vizuri.

Sasa sakafu. Kwa kuwa 0.9ᵏ ≤ ‖Aᵏ‖∞, nomu haiwezi kushuka hadi 0.01 kabla 0.9ᵏ haijafika hapo, yaani kabla ya k = 44. Kwa hiyo, bila kuzidisha matriki hata mara moja, unajua kwamba hatua 43 hazitoshi na hatua 98 zinatosha. Fomula kamili ya Hatua ya 4 inasema nomu inavuka 0.01 pale k = 88. Dari yetu imezidisha kwa hatua kumi tu, na hilo ni kadirio zuri kwa matriki ambayo nomu yake ya kwanza ilikuwa 1.9.

Dalili kwamba umefaulu: una jozi ya namba, hapa 44 na 98, na jibu la kweli liko katikati.

## Hatua ya 7: Hakiki kwa kompyuta

```python
import numpy as np

A = np.array([[0.9, 1.0], [0.0, 0.9]])
rho = max(abs(np.linalg.eigvals(A)))
P = np.eye(2)
for k in range(1, 101):
    P = P @ A
    nomu = np.linalg.norm(P, np.inf)
    dari = 100 * 0.91**k
    if k in (1, 9, 50, 88, 98):
        print(k, rho**k, nomu, dari)
```

Kila mstari utakaotoka uwe na namba zinazopanda kutoka sakafu, kupitia nomu, hadi dari. Kwa k = 9 tarajia takriban 0.387, 4.26 na 42.8. Kwa k = 98 tarajia takriban 0.000033, 0.0036 na 0.0097.

Tahadhari. Usiandike `np.linalg.norm(P)` bila kutaja aina. Ukiacha nafasi ya pili wazi, inakokotoa nomu ya Frobenius, yaani kipeuo cha pili cha jumla ya miraba ya elementi zote. Hiyo si nomu zalishwa: matriki ya utambulisho ya mbili kwa mbili inapata kipeuo cha pili cha 2 badala ya 1. Inaheshimu ‖AB‖ ≤ ‖A‖ · ‖B‖, na ρ haiizidi, kwa hiyo hutaona kosa likijitokeza wazi. Utapata namba tofauti na za karatasini na kupoteza mchana mzima ukitafuta kwa nini. Andika `np.inf` kwa jumla za safu mlalo na `1` kwa jumla za safu wima.

## Matriki kubwa zaidi

Njia ya Hatua ya 5 haikutegemea umbo la mbili kwa mbili. Kwa mujibu wa teoremu ya Schur, matriki yoyote ya mraba inaweza kuandikwa A = UTU⁻¹, ambapo T ina sifuri chini ya ulalo mkuu na thamani aigeni kwenye ulalo wenyewe, na U ni yunitari, yaani haibadili urefu wa kawaida wa vekta. Weka D yenye ulalo wa 1, δ, δ², na kuendelea. Katika D⁻¹TD, elementi iliyo safu mlalo i na safu wima j inazidishwa kwa δ^(j−i). Zote zilizo juu ya ulalo zinabanwa, na ulalo unabaki ulivyo. Weka S = UD, na unapata

‖Aᵏ‖ ≤ ‖S‖ · ‖S⁻¹‖ · (ρ(A) + ε)ᵏ,

ambapo ε ni chanya na ndogo kadiri utakavyo. Bei sasa ni ‖S‖ · ‖S⁻¹‖, na inakua upesi. Kwa matriki ya kumi kwa kumi yenye δ = 0.1, D⁻¹ peke yake ina elementi ya bilioni moja. Katika ukubwa huo ni afadhali kukokotoa kipeo kimoja, tuseme A³², kwa kuzidisha matriki kwa yenyewe mara tano. Ukipata ‖A³²‖ = c iliyo chini ya 1, basi kwa k = 32q + r una ‖Aᵏ‖ ≤ c^q · ‖Aʳ‖. Hapo dari inashuka bila δ wala D.

Namba hiyohiyo inakupa kitu cha ziada: ρ(A) ≤ ‖A³²‖^(1/32). Kwa kila k, ‖Aᵏ‖^(1/k) ni dari ya ρ, na kikomo chake k ikikua ndicho ρ chenyewe. Hii ndiyo fomula ya Gelfand. Usitegemee ifike haraka. Kwa matriki yetu inatoa takriban 0.976 pale k = 50 na 0.943 pale k = 100, wakati ρ ni 0.9.

Mwisho, kama elementi zako zimetokana na vipimo, usiiamini ρ kwa tarakimu nyingi. Badili ile sifuri ya chini kushoto iwe 0.00000001. Thamani aigeni zinatoka 0.9 na 0.9 na kuwa 0.9001 na 0.8999, maana badiliko linapita kwenye kipeuo cha pili na kutoka likiwa kubwa mara elfu kumi. Nomu ya safu, 1.9, haitikisiki, kwa sababu safu ya kwanza haikuguswa. Kwa data ya namna hiyo, andika dari yako kwa kutumia nomu uliyoitengeneza mwenyewe, na uache nafasi ya kutosha kati ya 0.9 + δ na 1.